Kila kifurushi kimeshuka, jumla imepanda: hesabu inayogombanisha ofisi

Biashara zinazouza huduma kwa vifurushi huwa na ugomvi wa aina moja kwenye vikao vya mwisho wa mwezi. Mkurugenzi anakuja na namba moja inayomfurahisha: mwezi huu, katika kila watu 100 waliojaribu huduma, waliolipia ni karibu 28, wakati miezi mitatu iliyopita walikuwa 18. Msimamizi wa mauzo anafungua ripoti yake, na humo vifurushi vyote vimeshuka. Kidogo kimeshuka, cha kati kimeshuka, kikubwa nacho kimeshuka. "Bosi, hakuna hata kimoja kilichopanda. Hiyo 28 imetoka wapi?" Hapo wanaanza kumtafuta aliyekosea kujumlisha.

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Namba zote mbili zinaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kutoka kwenye daftari lile lile. Hali hii inajulikana tangu mwanzoni mwa karne iliyopita: mwanatakwimu wa Uingereza Udny Yule aliieleza mwaka 1903, mwenzake Edward Simpson akaiandikia tena mwaka 1951, na tangu miaka ya 1970 wanatakwimu huiita kitendawili cha Simpson. Pamoja na umri wake wote huo, bado inawafukuzisha watu kazi na kuwapandisha vyeo wasiostahili, kwa hiyo inafaa kuifungua taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno matatu. Kiwango cha kulipia, ambacho maofisini wanakiita konvesheni, ni idadi ya waliolipia ukigawanya kwa idadi ya walioanza kujaribu. Walioanza wakiwa 200 na waliolipia wakiwa 80, kiwango ni asilimia 40. Mchanganyiko wa vifurushi ni namna walioanza walivyogawanyika: wangapi walichagua kidogo, wangapi cha kati, wangapi kikubwa. Pointi ni tofauti kati ya asilimia mbili, yaani kutoka asilimia 18 hadi asilimia 28 ni pointi 10.

Sasa twende soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, maana pale jambo hili linaonekana wazi kuliko kwenye kompyuta yoyote. Tuseme mama mmoja anauza samaki, na tuhesabu kila kitu kwa kilo ili iwe rahisi. Siku ya kwanza ana kilo 20 za sangara kwa shilingi 9,000 na kilo 80 za dagaa kwa shilingi 4,000. Anakusanya shilingi 500,000 kwa kilo 100, hivyo wastani wake ni 5,000 kwa kilo. Wiki inayofuata bei zinaanguka: sangara 8,500, dagaa 3,500. Lakini safari hii mzigo wake ni kilo 80 za sangara na kilo 20 za dagaa. Anakusanya shilingi 750,000 kwa kilo 100 zile zile, na wastani umepanda hadi 7,500. Bei ya kila samaki imeshuka kwa 500, wastani wa kilo umepanda kwa 2,500. Ukimwambia mama huyo kwamba samaki wamepanda bei atakushangaa, maana anajua kilichobadilika ni mzigo uliokuwa kwenye beseni.

Ofisini beseni halionekani, kwa sababu ripoti inaleta wastani peke yake.

Tuchukue kampuni ya kubuni ya hapa Mwanza inayouza programu ya simu ya kurekodi mauzo na madeni ya duka. Mteja anachagua kifurushi, anajaribu bure siku 14, kisha analipia au anaacha. Kifurushi Kidogo ni shilingi 3,000 kwa mwezi, kwa ajili ya mtu mwenye genge au kibanda. Cha Kati ni 10,000, kwa duka lenye muuzaji mmoja au wawili. Kikubwa ni 30,000, kwa wenye stoo na matawi.

Mwezi wa Juni mawakala wa kampuni walizunguka zaidi kwa wauzaji wa jumla, kule Makoroboi na kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wauzaji wa jumla wengi walikubali kujaribu Kifurushi Kikubwa, lakini kulipia walisitasita, kwa sababu 30,000 kila mwezi ni uamuzi wa kuzungumza na mshirika, mhasibu na wakati mwingine mke au mume. Kufikia Septemba mawakala walikuwa wamehamishiwa Igoma, Buhongwa na kwenye mialo, kwa wenye magenge, wachuuzi wa dagaa na mawakala wa miamala ya simu. Hawa wakijaribu Kifurushi Kidogo, kulipia 3,000 si jambo la kikao.

Miezi yote miwili walianza watu 1,000. Hesabu ilikuwa hivi:

| Kifurushi | Walioanza Juni | Waliolipia Juni | Walioanza Septemba | Waliolipia Septemba |
|---|---|---|---|---|
| Kidogo | 200 | 80 (asilimia 40) | 600 | 216 (asilimia 36) |
| Cha Kati | 300 | 60 (asilimia 20) | 300 | 54 (asilimia 18) |
| Kikubwa | 500 | 40 (asilimia 8) | 100 | 7 (asilimia 7) |
| Jumla | 1,000 | 180 (asilimia 18) | 1,000 | 277 (asilimia 27.7) |

Soma mstari mmoja mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Kidogo kimetoka 40 hadi 36. Cha Kati kimetoka 20 hadi 18. Kikubwa kimetoka 8 hadi 7. Halafu soma mstari wa mwisho: 18 imekuwa 27.7. Chukua kikokotoo ukajumlishe tena, utapata hivyo hivyo.

Siri iko kwenye safu ya walioanza. Kiwango cha jumla hakipatikani kwa kuchukua asilimia tatu na kuzigawa kwa tatu. Ukifanya hivyo kwa Juni unapata 22.7, namba isiyomhusu mtu yeyote. Kiwango cha jumla ni wastani wenye uzito: kila kifurushi kinavuta jumla kuelekea kwake kwa nguvu ya watu kilionao. Juni, nusu ya watu wote walikuwa kwenye Kikubwa, kifurushi ambacho watu 92 kati ya 100 huondoka bila kulipia, nacho kikaivuta jumla chini. Septemba wale 500 wa Kikubwa wamebaki 100, na Kidogo kilichokuwa na 200 kina 600. Kidogo kimedhoofika kidogo, sawa, lakini asilimia 36 bado ni mara mbili ya ile 18 ya jumla ya Juni. Watu 400 waliotoka upande wenye asilimia 7 au 8 kwenda upande wenye asilimia 36 wanabeba jumla juu zaidi ya kile kinachopotea kwa kila kifurushi kushuka pointi moja, mbili au nne.

Kutokana na hapo unaweza kujua lini jambo hili linawezekana na lini haliwezekani. Kiwango cha jumla hakiwezi kamwe kuwa juu ya kiwango cha kifurushi kinachofanya vizuri kuliko vyote, wala chini ya kile kinachofanya vibaya kuliko vyote. Kwa hiyo jiulize swali moja: kifurushi bora cha mwezi mpya bado kiko juu ya jumla ya mwezi wa zamani? Hapa jibu ni ndiyo, 36 iko juu ya 18, na mlango uko wazi. Kama Kidogo kingeanguka hadi asilimia 15, na vingine viko chini yake, hakuna mchanganyiko wowote duniani ambao ungeifanya jumla ipande juu ya 18. Vilevile, vifurushi vyote vikiwa na viwango vinavyokaribiana, kuhamahama kwa watu hakubadilishi kitu cha maana. Hatari iko kwa biashara ambayo vifurushi vyake vinatofautiana sana kwa viwango, na hizo ndizo biashara nyingi, kwa sababu bei ikiwa tofauti mara kumi, wateja nao huwa watu wa aina tofauti.

Sasa mkurugenzi atauliza: basi tumefanya vizuri au vibaya? Hatua ya kwanza ni kutenganisha sehemu iliyoletwa na mchanganyiko na sehemu iliyoletwa na viwango vyenyewe. Unachukua walioanza wa Juni na kuwapa viwango vya Septemba, kana kwamba mchanganyiko haukubadilika. Kwenye Excel, ukiweka walioanza wa Juni kwenye B2 hadi B4 na viwango vya Septemba kwenye C2 hadi C4, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Jibu ni asilimia 16.1. Maana yake, kama mawakala wangeendelea na watu wa aina ile ile ya Juni, jumla ingeshuka kutoka 18 hadi 16.1, yaani pointi 1.9 zimepotea kwa sababu ya viwango. Kutoka 16.1 hadi 27.7 ni pointi 11.6, na hizo zote zimeletwa na mchanganyiko. Ukizijumlisha, toa 1.9 ongeza 11.6, unapata 9.7, ambazo ndizo pointi halisi zilizopanda.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaambiwi. Ukifanya hesabu kwa kuanzia upande wa pili, yaani uchukue walioanza wa Septemba na kuwapa viwango vya Juni, unapata asilimia 30.8. Kwa njia hiyo mchanganyiko umeleta pointi 12.8 na viwango vimepoteza 3.1. Zote mbili ni hesabu sahihi. Zinatofautiana kwa sababu kushuka kwa Kidogo kunauma zaidi kikiwa na watu 600 kuliko kikiwa na 200. Kwa hiyo ofisi ichague njia moja, iiandike juu ya ripoti, na isiibadilishe mwezi unaofuata kwa sababu njia nyingine inapendeza zaidi. Mimi napendelea kushikilia mchanganyiko wa mwezi wa zamani, kwa kuwa hilo linajibu swali ambalo watu wanauliza kwa kweli: kwa wateja wale wale tuliokuwa nao, tunauza vizuri zaidi au vibaya zaidi?

Hatua ya pili ni fedha, na hapa ndipo namba ya 27.7 inapoweza kuumiza. Juni waliolipia waliingiza 240,000 kutoka Kidogo, 600,000 kutoka cha Kati na 1,200,000 kutoka Kikubwa, jumla 2,040,000 kwa mwezi. Septemba waliingiza 648,000, kisha 540,000, kisha 210,000, jumla 1,398,000. Wateja wapya wanaolipa wameongezeka kwa 97, mapato yao ya mwezi yamepungua kwa shilingi 642,000. Anayelipwa bonasi kwa kiwango cha kulipia atapongezwa kwa mwezi ambao kampuni imeingiza pungufu. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika haya. Wapo mawakala wanaopimwa kwa namba hii, na njia rahisi ya kuipandisha ni kuacha kwenda kwa wauzaji wa jumla kabisa.

Lakini tusikimbilie upande wa pili na kusema kwamba jumla ni uongo na ukweli uko kwenye vifurushi. Hilo nalo ni kosa, tena ndilo kosa la watu waliosoma kidogo kuhusu kitendawili hiki. Wamejifunza kwamba ukigawa kwa makundi unaona ukweli, basi wanagawa kila kitu. Kama kugawa kunasaidia au kunapotosha, inategemea kundi lenyewe limetokeaje.

Mfano unaotumika sana kufundishia unatoka hospitali. Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya njia mbili za kutibu mawe ya figo, upasuaji wa kufungua na njia mpya ya kupitisha kifaa kwenye tundu dogo, kila njia kwa wagonjwa 350. Kwa jumla njia mpya ilifaulu kwa asilimia 83 na upasuaji kwa asilimia 78. Ukigawa kwa ukubwa wa jiwe, mambo yanageuka: kwa mawe madogo upasuaji asilimia 93 na njia mpya 87, kwa mawe makubwa upasuaji 73 na njia mpya 69. Wagonjwa wenye mawe makubwa, ambao ni wagumu kutibu, walikuwa wamepelekwa zaidi kwenye upasuaji. Hapa kugawa ni sahihi kabisa, kwa sababu jiwe lilikuwa na ukubwa wake kabla daktari hajaamua chochote. Matibabu hayabadilishi jiwe lilikuwa la ukubwa gani mgonjwa alipoingia.

Kwenye vifurushi hali inaweza kuwa hivyo, au kinyume chake. Mawakala walipohamia Igoma, mtu wa genge alikuwa mtu wa genge kabla hawajafika. Kifurushi anachochagua kinafuata ukubwa wa biashara yake, kama vile ukubwa wa jiwe. Hapo angalia ndani ya vifurushi. Lakini tuseme mawakala hawakuhama popote. Tuseme kilichobadilika ni ukurasa wa kuchagua kifurushi kwenye simu: zamani cha Kati kilikuwa juu kabisa, sasa Kidogo ndicho kinachoonekana kwanza. Safari hii kifurushi anachochagua mtu ni matokeo ya badiliko lile lile unalotaka kulipima. Ukigawa kwa vifurushi unalinganisha makundi ambayo badiliko lenyewe limeyapanga upya.

Tulifuatilie hili kwa watu wachache. Chukua Kidogo na cha Kati tu. Kabla ya badiliko, Kidogo kina watu 200 na 80 wanalipia, asilimia 40. Cha Kati kina watu 300 na 60 wanalipia, asilimia 20. Lakini ndani ya cha Kati kuna watu wa aina mbili. Kuna 150 wenye nia kweli ambao duka lao ni dogo, walibonyeza cha Kati kwa sababu kilikuwa juu. Katika hao 45 hulipia, yaani asilimia 30. Wengine 150 wanajaribu tu, 15 ndio hulipia, asilimia 10. Ukurasa unabadilishwa. Wale 150 wenye nia sasa wanaona Kidogo kwanza, wanakichagua, na kwa kuwa ni nafuu wanalipia 48 badala ya 45. Hakuna mtu mwingine aliyebadilika.

Angalia ripoti itakavyosema. Kidogo sasa kina watu 350, waliolipia ni 80 na 48, jumla 128, ambayo ni asilimia 36.6. Kimeshuka kutoka 40. Cha Kati kimebaki na watu 150 na waliolipia 15, asilimia 10. Kimeshuka kutoka 20. Jumla ya wote ilikuwa 140 kati ya 500, asilimia 28, sasa ni 143, asilimia 28.6. Vifurushi vyote vimeshuka, jumla imepanda, na hakuna hata mteja mmoja ambaye uwezekano wake wa kulipia umepungua. Waliohama walikuwa wazuri kuliko wenzao waliowaacha na dhaifu kuliko wenyeji waliowakuta, kwa hiyo walishusha wastani walikotoka na walikofika. Hapa jumla ndiyo inayosema kweli kuhusu watu, na msimamizi anayelia kwamba vifurushi vyote vinakufa anaona kivuli. Kama badiliko lina faida kifedha ni swali jingine, na jibu lake ni kuhesabu shilingi.

Ripoti mbili zinazofanana kwa sura, basi, zinaweza kuwa na maana zinazopingana. Tofauti haipo kwenye jedwali. Ipo kwa mtu anayejua kilichotokea kati ya Juni na Septemba: nani alipelekwa wapi, ukurasa ulibadilishwa lini, bei iliguswa au haikuguswa. Ndiyo maana ukipewa jedwali pekee na kuulizwa kama ni habari njema, ni halali kabisa kujibu kwamba huwezi kusema mpaka umwone mkuu wa mawakala.

Ukienda kumwona, anza na mambo yanayoweza kuzua kitendawili mahali ambapo hakipo. La kwanza ni siku. Kampuni inatoa siku 14 za bure. Ripoti ya Septemba ikichapwa tarehe 30, kila aliyeanza baada ya tarehe 16 bado anajaribu bure, na mfumo unamhesabu kama hajalipia. Hilo linashusha vifurushi vyote kwa pamoja, na linashusha zaidi mwezi ambao watu wengi wamejiunga mwishoni. Dawa yake ni kuhesabu watu kwa mwezi walioanza na kumpa kila mmoja siku sawa, tuseme 21 tangu alipojiunga, ndipo uamue kama amelipia. Ripoti ya Septemba itachelewa hadi mwishoni mwa Oktoba. Vumilia.

La pili ni kifurushi kinachoandikwa kwenye mfumo. Mifumo mingi hushika kifurushi cha mwisho cha mteja na kufuta cha mwanzo. Mtu aliyeanza na Kikubwa, akaona bei, akalipia Kidogo, anahesabiwa kama alijaribu Kidogo. Kwa kuwa anayehama namna hiyo karibu kila mara ni yule aliyekwisha kuamua kulipa, Kidogo kinapewa sifa isiyo yake na Kikubwa kinapoteza mteja kilichomleta. Mwambie fundi wa mfumo ahifadhi kifurushi cha siku ya kwanza kwenye safu yake peke yake, na kisiguswe tena.

La tatu ni bahati, na hapa lazima nirudi kwenye jedwali letu. Kikubwa kilikuwa na watu 100 tu Septemba. Kama uwezekano wa kweli ni asilimia 8, tungetegemea walipaji 8, na wakalipia 7. Hiyo ni tofauti ya mtu mmoja, labda mtu aliyekuwa Ukerewe wiki ile na hakuwa na salio kwenye simu. Kwa bahati tupu, kundi la watu 100 la aina hii linaweza kuleta walipaji 3 mwezi mmoja na 13 mwezi mwingine bila lolote kubadilika. Hata ile 40 ya Kidogo mwezi wa Juni ilitokana na watu 200, na kundi la ukubwa huo huchezacheza kati ya asilimia 33 na 47 bila sababu. Kwa hiyo kushuka kwa kila kifurushi, kimoja kimoja, bado hakujathibitika. Kupanda kwa jumla kutoka 180 hadi 277 si bahati, ni badiliko la kweli la mchanganyiko. Ningesubiri Oktoba na Novemba, nijumlishe miezi mitatu kwa kila kifurushi, kabla ya kumwita mtu yeyote ofisini kwa sababu ya pointi moja ya Kikubwa.

Kwenye ripoti yenyewe huhitaji kurasa nyingi. Kiwango cha jumla kiwepo, kwa kuwa kila mtu atakiuliza. Pembeni yake iwepo jumla kwa mchanganyiko wa zamani, ile 16.1, na idadi ya walioanza kwa kila kifurushi, si asilimia peke yake, ili msomaji aone kwamba 7 imetoka kwa watu 100. Chini kabisa yawepo mapato ya mwezi kwa shilingi. Mkurugenzi akiona 27.7 na 16.1 zimekaa pamoja atauliza kwa nini zinatofautiana, na jibu lake ni sentensi moja: mawakala walihamia kwa wafanyabiashara wadogo.

Sentensi hiyo iandikwe mapema, kwa sababu kitendawili hufanya kazi pande zote mbili. Tuseme kuelekea sikukuu za Desemba mawakala wanarudi kwa wauzaji wa jumla, na walioanza wanakuwa 300 kwenye Kidogo, 300 cha Kati, 400 Kikubwa. Tuseme pia timu imefanya kazi nzuri na kila kifurushi kimerudi kwenye kiwango cha Juni: 40, 20, 8. Waliolipia watakuwa 120, 60 na 32, jumla 212. Kiwango cha jumla kitaanguka kutoka 27.7 hadi 21.2 katika mwezi ambao kila kifurushi kimepanda, na mapato ya wateja hao wapya yatakuwa 1,920,000, zaidi ya nusu milioni juu ya Septemba.